Bati Iko na Pembe Nne: Hesabu ya Nyumba ya Babu na Nyumba ya Shangazi



Mwaka huu Mwalimu wetu wa hesabu alitupa kazi moja sisi wa humanite ya sayansi. Alisema: «Kila kikundi kiende kupima nyumba mbili, moja ya zamani na moja ya sasa, na kituambie sababu gani zina umbo tofauti.» Wengine waliandika kwamba watu wa zamani walipenda duara na watu wa sasa wanapenda pembe nne. Hilo si jibu, ni kusema tu yale ambayo macho yanaona. Kikundi chetu kilipata jibu lingine, na nitalieleza hapa pole pole, kwa sababu lilitusaidia kujenga nyumba ya kweli.

Jibu lenyewe ni hili: nyumba haianzi chini, inaanza juu. Kitu unachofunikia paa ndicho kinachochagua umbo la sakafu. Majani yanataka duara. Bati inataka pembe nne. Sasa tuone kwa hesabu.

NYUMBA YA BABU

Babu yangu anakaa kwenye milima, upande wa kusini ya Butembo. Kwake kungali nyumba moja ya duara, yenye kuta za miti na potopoto na paa la majani. Zamani ilikuwa nyumba ya kulala, leo ni jikoni. Wazee wetu wa Kinande walijenga hivyo nyumba nyingi, na hata kyaghanda, nyumba ambamo wazee wanakaa karibu na moto kwa kusikiliza maneno ya jamaa, mara nyingi ni ya duara na paa lenye kuchongoka.

Nilimuuliza Babu namna gani aliandika ile duara chini bila kompa. Alicheka. Alichukua kijiti, akakipiga katikati ya uwanja, akafunga kamba, na upande wa pili wa kamba akafunga kijiti kingine chenye ncha. Akazunguka. Ndiyo ile kompa yetu ya darasani, ila mguu mmoja ni wa kamba. Kamba yake ilikuwa na meta 2. Kwa hiyo kipenyo cha nyumba ni meta 4, na mzingo, maana yake urefu wa ukuta ukizunguka, ni 2 × 3,14 × 2, ni kusema meta 12,56. Eneo la sakafu ni 3,14 × 2 × 2, ni kusema meta kare 12,56. Mjue kwamba hesabu hizi mbili zinalingana kwa sababu tu nusu-kipenyo ni 2. Mukichukua kamba ya meta 3, mzingo unakuwa 18,84 na eneo 28,26.

Kuna jambo jingine ambalo ile kamba inafanya. Usiikate wala usiifupishe. Simama juu ya mstari wa duara, weka alama, pima kamba moja mpaka fasi nyingine juu ya mstari, weka alama tena, na uendelee. Utafika kwa alama ya kwanza baada ya mara 6, bila kubakiza kitu. Ni kwa sababu kila mara umetengeneza pembe tatu ambayo pande zake zote ni kamba moja: mbili kutoka katikati, na moja juu ya mstari. Pembe ya katikati ni digri 60, na 6 mara 60 ni 360. Kwa hiyo una fasi 6 za miti mikubwa, na zote ziko mbali sawasawa. Kati ya mbili unaacha mlango. Kati ya zingine unajaza miti midogo na matete.

PAA LA MAJANI

Hapa ndipo nilijifunza zaidi. Nyasi haizuii maji sawa na bati. Tone la maji linaanguka juu ya unyasi mmoja, linatembea juu yake, linapita kwa unyasi wa chini, na kadhalika mpaka linaanguka inje. Kama paa limesimama vizuri, maji yanakimbia juujuu na yanalowesha tabaka la inje tu. Kama paa limelala, maji yanatembea polepole, yanaingia ndani, na majani yanaoza. Mafundi wa nyasi wa nchi nyingi wanajua kipimo hiki: paa lisilale chini ya digri 45.

Digri 45 inapimwa namna gani bila rapota? Ni rahisi: urefu wa kwenda juu uwe sawa na urefu wa kwenda pembeni. Paa la Babu linapita ukuta kwa santimeta 50, ili mvua isiguse potopoto. Kwa hiyo kutoka katikati mpaka ukingo wa paa ni meta 2 na nusu. Basi ncha ya paa lazima ipande meta 2 na nusu juu ya kiwango cha ule ukingo. Tulipima, tukakuta 2,45. Karibu sana, na Babu hakusoma Pitagora.

Kwa Pitagora mti wa paa, kutoka ncha mpaka ukingo, una urefu huu: 2,5 mara 2,5 ni 6,25, jumlisha 6,25 nyingine, unapata 12,5, mzizi wake ni 3,54. Eneo la kone ni 3,14 × 2,5 × 3,54, kitu kama meta kare 27,8. Ndizo meta kare za nyasi ambazo unapashwa kukata na kubeba kichwani.

Kwa kuonyesha darasani, fanyeni mfano wa karatasi. Andika duara ya nusu-kipenyo santimeta 10. Kata na utoe kipande cha digri 105, sawa na kipande cha mkate. Kunabaki digri 255. Unganisha kingo mbili na gundi: utapata paa la digri 45. Kazi hii inafaa kwa nyumba ndogo na kwa nyumba kubwa vilevile, kwa sababu ile 255 haitegemei ukubwa wa nyumba. Inatoka kwa 360 mara 2,5 gawanya kwa 3,54. Nyumba ikiwa mara mbili kubwa, 2,5 inakuwa 5 na 3,54 inakuwa 7,08, na jibu ni lile lile.

Sasa angalieni sababu ya majani kupenda kone. Fungu la nyasi ni pana chini na jembamba juu fasi limefungwa. Ukilipanga kwenye duara, upande mwembamba unaenda kwenye ncha na upande mpana unaenda chini, na hakuna kitu kinachopotea. Tena nyasi inakubali kupindwa, haina kona wala haina ukingo ulionyoka. Na moto wa ndani ulikausha paa na kufukuza wadudu. Watu wakiacha kuwasha moto ndani, paa halidumu tena kama zamani.

UKUTA MMOJA, SAKAFU MBILI

Mwalimu alituuliza: «Mkiwa na ukuta wa urefu ule ule, umbo gani linatoa sakafu kubwa?» Tulichukua ukuta wa meta 18. Ukijenga nyumba ya meta 5 kwa 4, ukuta ni 5+4+5+4 = 18, na sakafu ni meta kare 20. Ukizungusha ule ukuta wa meta 18 kuwa duara, nusu-kipenyo ni 18 gawanya kwa 6,28, ni kusema 2,87, na sakafu ni 3,14 × 2,87 × 2,87, karibu meta kare 25,8. Duara inakupa karibu meta kare 6 zaidi, kwa miti ile ile na udongo ule ule. Hakuna umbo lingine litakalopita duara kwa kazi hiyo.

Lakini usikimbilie kusifu. Kitanda kina pembe nne. Katika nyumba ya Babu, kitanda cha meta 2 kikiegemea ukuta, katikati kunabaki nafasi ya santimeta 27 nyuma yake. (Fanyeni hesabu: mzizi wa 4 toa 1 ni 1,73; na 2 toa 1,73 ni 0,27.) Wazee hawakuona shida, kwa sababu walijenga kitanda pamoja na nyumba, kwa miti yenyewe. Sisi tunanunua kitanda kwenye soko.

NYUMBA YA SHANGAZI

Sasa nafika kwa jambo ambalo liliifanya kazi hii kuwa ya kweli kwetu. Wote tunajua mauaji ambayo yalianza upande wa Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, na namna gani watu wengi waliacha mashamba na nyumba. Shangazi yangu ni mmoja wao. Alifika kwetu Butembo na watoto wake wanne, akakaa chini ya shitingi nyuma ya nyumba yetu. Baba alimpa kipande cha parsele. Jamaa na wakristo wa kanisa walichanga, na mabati yalipatikana: 16. Si 17. Hakukuwa na feza ya kuongeza hata moja, na mvua ya mwezi wa 9 ilikuwa inakaribia.

Babu aliposikia, alisema: «Mjengeeni duara, mtapata nafasi kubwa.» Kwa ukuta alikuwa na haki, mmeona hesabu. Mimi na kikundi changu tukajaribu duara kwa mabati.

Bati yetu ina urefu wa meta 3 na upana wa santimeta 80. Inapandana na jirani yake kwa santimeta 10, kwa hiyo kila moja inafunika santimeta 70. Tuchukue nyumba ndogo ya Babu, ile ya kamba ya meta 2, na paa linalopita ukuta kwa santimeta 50. Mzingo wa ukingo wa paa ni 6,28 × 2,5, ni kusema meta 15,70. Gawanya kwa 0,70: ni mabati 22 na kidogo, basi 23. Na kule juu kwenye ncha, mabati yote 23 yanakutana fasi moja. Kila moja lazima ikatwe kuwa pembe tatu, pana chini na bila kitu juu. Tulihesabu: kone ile ina meta kare 23,6 tu, na mabati 23 yana meta kare 55,2. Zaidi ya nusu inaenda kwenye takataka.

Mwenzetu mmoja alisema: «Tukate kila bati kona mpaka kona, tupate pembe tatu mbili.» Ni akili nzuri, lakini bati iko na mifereji. Ukiikata hivyo, mifereji haiteremki tena kufuata ukingo, inakutana na ukingo kwa upande. Maji yanafuata mfereji, yanafika kwenye maungo, yanaingia ndani. Basi duara ya sakafu meta kare 12,56 ilidai mabati 23 na sisi tulikuwa na 16. Babu mwenyewe aliangalia zile hesabu, akanyamaza, kisha akasema: «Basi hii bati ni ya pembe nne, mufanye yenye inataka.»

Tukaanza juu, tukateremka. Mabati 16, pande mbili za paa, ni 8 kila upande. Mara 0,70 ni meta 5,60. Toa santimeta 30 kila mwisho ili paa lipite ukuta: urefu wa nyumba ni meta 5. (Bati ya mwisho inaongeza santimeta 10 zisizopandwa, tukaziacha upande ambao upepo wa mvua unatoka.)

Sasa upana. Bati ni meta 3 kutoka juu mpaka chini. Ukuta wa potopoto unaogopa mvua, basi tulitaka nusu meta ya bati ipite ukuta. Kunabaki meta 2,50 kutoka ncha mpaka juu ya ukuta. Hapo tukamkumbuka Pitagora na ile pembe tatu ya 3, 4 na 5. Igawe kwa mbili: 1,5 na 2 na 2,5. Kwa hiyo nusu ya upana ni meta 2, paa linapanda meta 1,50, na mti wa paa unakuwa 2,50 kamili. Upana wa nyumba ni meta 4. Seremala alikata miti yote kwa kipimo kimoja, bila kupanda juu kujaribu.

Shangazi aliuliza kama hatuwezi kuongeza upana ufike meta 5. Tulimwonyesha: nusu ni 2,50; paa likipanda 1,50, mti unakuwa 2,92, na bati inapita ukuta kwa santimeta 8 tu. Potopoto haitamaliza miaka miwili. Tukilalisha paa lipande meta 1 tu, mti unakuwa 2,69 na tunabakiza santimeta 31. Inawezekana, lakini ni kidogo kwa mvua yetu. Akachagua meta 4. Hivyo alipata sakafu ya meta kare 20 kwa mabati 16.

KAMBA YA KONA MPAKA KONA

Kuandika pembe nne chini ni kazi ngumu kuliko kuandika duara. Kamba moja na kijiti kimoja vinatoa duara isiyo na kosa. Lakini pande nne za 5, 4, 5, 4 hazitoshi kutoa pembe nne zilizonyoka. Chukueni vijiti vinne mvifunge kwenye kona, kisha msukume: vinalala upande, na urefu wa kila upande haujabadilika.

Tulienda kupima nyumba ya baba mdogo, iliyojengwa na fundi mmoja ambaye sitamtaja. Ni meta 5 kwa 4 nayo. Pande zake zote ni sawa kabisa. Lakini kamba ya kona mpaka kona ilitoa 6,60 upande mmoja na 6,20 upande wa pili. Zingepashwa kuwa sawa: 25 jumlisha 16 ni 41, na mzizi wa 41 ni 6,40. Nyumba imelala. Kwa macho hakuna anayeona. Hata sakafu haikupoteza kitu: tulikuta meta kare 19,96 badala ya 20.

Paa ndilo linaloona. Mabati yanapangwa yakinyoka na mti wa juu, lakini ukuta wa mwisho haunyoki na ule mti. Basi badala ya kupita ukuta kwa santimeta 30 kila kona, bati inapita 43 kwenye kona moja na 17 kwenye nyingine. Zile kona mbili za 17 ni zile ambazo kamba ndefu inaunganisha, kwa sababu ndizo zinachomoka inje. Tulizunguka nyumba: ni kona zile zile mbili ambazo mvua imekula, miti inaonekana ndani ya udongo. Mkipita barabarani na kuona nyumba ya potopoto imelika kona mbili zinazoelekeana, mujue kwamba kamba ya kona mpaka kona haikupitishwa pale.

Kosa hilo linatengenezwa wakati wa vijiti, si wakati wa miti. Acheni vijiti viwili vya upande mmoja mrefu. Vile viwili vya upande wa pili visogezwe pamoja, kwa kufuata mstari wao, kuelekea upande unaofupisha kamba ndefu. Visogezwe kiasi gani? Tafuteni 6,60 mara 6,60, ni 43,56, toa 6,20 mara 6,20, ni 38,44, kunabaki 5,12. Gawanya kwa mara nne ya upande mrefu, ni kusema 20. Jibu ni 0,256: santimeta 25 na nusu hivi. Kisha pima tena. Upana utapungua karibu santimeta moja, na mtaurudisha.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kutengeneza. Profesa Paulus Gerdes, aliyefundisha hesabu huko Msumbiji na kufariki mwaka 2014, aliandika namna gani wanakijiji wa kule wanafanya. Wanachukua kamba mbili za urefu mmoja na kuzifunga pamoja katikati. Wanalaza mti chini wenye urefu wa upana wa nyumba. Mwisho mmoja wa kila kamba unafungwa kwenye mwisho mmoja wa mti. Kisha wanavuta kamba zote mbili mpaka zinyoke. Fasi miisho miwili iliyobaki inagusa chini, ndizo kona mbili zingine. Kwa sababu mistari miwili ya kona iko sawa na inakatana katikati, umbo haliwezi kulala.

Tulifanya hivyo kwa Shangazi: kamba mbili za 6,40, fundo kwenye 3,20, na mti wa meta 4. Upande mrefu ulitoka meta 5 na santimeta 1. Ile santimeta ni kamba, si Pitagora: kamba ya mkonge inanyooka ukiivuta kwa nguvu, na ikiloa inabadilika. Vuteni kamba zote mbili sawasawa na mufanye kazi siku ya jua. Tena Butembo ni vilima. Kamba lazima ilale sawa na maji ya mtungi. Ukipima meta 5 juu ya udongo unaoteremka meta 1, umepata 4,90 tu ya kweli. Sisi tulilinganisha vijiti kwa kipande cha bomba chenye maji, lile linaloonyesha ndani, kwa sababu maji yanasimama kiwango kimoja pande zote mbili.

Mabati yalipandishwa siku moja. Bati ya 8 iliangukia fasi yake kila upande, hakuna iliyokatwa, hakuna iliyobaki. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku ule wa Ijumaa. Asubuhi nilizunguka kona nne: udongo ulikuwa mkavu.

Sisemi kwamba duara imekufa. Kama uko na nyasi karibu na miti ya kutosha, duara ingali inashinda, na jikoni ya Babu ni ushuhuda. Lakini nyasi inakatwa mbali sasa, kwa sababu fasi yake imekuwa mashamba na parsele, na paa lake linaomba kurudiwa. Anayekuwa na mabati ahesabu mabati kwanza, ndipo apige kijiti chini.

KAZI KWA WASOMAJI

Kila atakayepata jibu amletee Mwalimu wetu wa hesabu.

1. Jamaa moja ina mabati 20 ya meta 3, yanayofunika santimeta 70 kila moja. Wanataka paa la pande mbili, linalopita ukuta santimeta 30 kila mwisho. Nyumba itakuwa na urefu gani?

2. Nyumba ni meta 6 kwa 4. Kamba za kona mpaka kona zinatoa 7,40 na 7,02. Vijiti visogezwe kiasi gani?

3. Mkirudi kwenu likizo, pimeni nyumba moja ya majani, kama ingaliko: nusu-kipenyo mpaka ukingo wa paa, na urefu wa kupanda mpaka ncha. Je, ni digri 45? Waulizeni wazee walipimaje, na muandike jina la kila mti na kila jani katika lugha yenu, mbele hawajaondoka nayo.

Ni mimi,
mwanafunzi wa mwaka wa 3, humanite ya sayansi